Anza na mahali: pana, kuna na mna katika tafsiri

Asubuhi pale Kibirizi, hapa Kigoma, boti ya kwenda vijiji vya kaskazini ilikuwa karibu kuondoka. Mama mmoja aliyebeba madumu mawili ya mawese alisimama majini, maji yakimfika magotini, akauliza: "Mna nafasi?"

Kijana aliyekuwa akipokea mizigo alijibu bila kuinua kichwa: "Humu hamna, mama. Huko nyuma kuna."

Mama akaanza kuzunguka. Mzee aliyeketi ufukweni akamwonya: "Angalia mwanangu, hapo pana kamba."

Watu watatu, sentensi fupi, na viambishi vyote vitatu vya mahali vimetumika bila mtu yeyote kusita. Mama hakuwaza. Kijana hakuwaza. Mzee naye aliona kamba tu, akasema.

Anayesita ni mfasiri.

Sentensi zote hizo zikiwekwa katika Kiingereza zinaingia kwenye kalibu moja, ile inayoanza na "there is" au "there are". Kwenda huko ni rahisi. Kurudi ndiko kunakosumbua: ukipewa Kiingereza peke yake, bila ufukwe, bila boti, bila kidole cha mzee kikionyesha kamba, utajuaje kama uandike pana, kuna au mna? Swali hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Kila nilipolirudia, niliona kwamba kanuni tuliyofundishwa darasani ni ya kweli, ila inatosha kwa nusu tu ya kazi.

## Kiingereza hakikuambii ni wapi

Kanuni yenyewe mnaijua. Pa- ni mahali mahususi, panapoweza kuonyeshwa. Ku- ni eneo pana au lisilo na mipaka dhahiri, au upande wa kuelekea. M- ni ndani. Wenzetu wa hapa Kigoma wanaozungumza Kiha wamezaliwa na utatu huo huo nyumbani, ila pale Kiswahili kinapoweka pa-, Kiha kina ha-. Wanyamwezi wa Tabora vilevile. Kwa hiyo hakuna aliyekosa hisia ya kutofautisha mahali.

Kinachopotosha ni sura ya sentensi ya Kiingereza. Neno linaloianza, "there", limekaa kwenye nafasi ya kiima, lakini halionyeshi popote. Ni kishika nafasi tu. Kinachobadilika ni kitenzi chake, na kinabadilika kwa idadi ya kitu: kimoja au vingi. Kiswahili kinafanya kinyume. Kitenzi hakijali idadi hata kidogo: kuna mtu, kuna watu, pana mti, pana miti. Kinajali mahali, kwa sababu mahali ndiyo kiima.

Maana yake ni kwamba mfasiri anaacha taarifa moja aliyopewa na kitenzi, ile ya umoja na wingi, nomino itaibeba. Halafu anadaiwa taarifa nyingine ambayo mwandishi wa Kiingereza hakuiandika: mahali hapo pametazamwaje?

Deni hilo huwezi kulikwepa. Hata ukiandika kuna kila mara, umeshajibu.

## Lete mahali mbele

Kiingereza hutaja kitu kwanza, mahali baadaye. Anayefuata mpangilio huo neno kwa neno anaishia na sentensi kama hii: "Kuna kitabu juu ya meza."

Isome tena taratibu. Juu ya, kwa Kiswahili chetu, ni pia kuhusu. Msomaji ana haki ya kuelewa kwamba kipo kitabu fulani kinachozungumzia meza. Kwa meza anaweza akacheka na kupita. Lakini sentensi ikiwa "Kuna taarifa juu ya kabati", hakuna wa kumsaidia: taarifa imewekwa kabatini au inahusu kabati?

Ukileta mahali mbele, mkanganyiko unakwisha: "Mezani pana kitabu." "Juu ya kabati pana taarifa."

Si hilo tu. Mahali pakishatangulia, kiambishi hujichagua chenyewe mara nyingi. Ukianza kwa kuandika "mtungini", mkono wenyewe unaandika "mna maji". Ukianza na "mlangoni", unaandika "pana mtu". Ukianza na "huko Uvinza", unaandika "kuna chumvi". Aliyeanza na kitenzi ndiye anayebaki akibahatisha, maana anamchagulia kiambishi mwenye nyumba ambaye bado hajamwona.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ninayoipendekeza ni ndogo sana. Kabla ya kufasiri kitenzi, tafuta mahali ndani ya sentensi, ukatafsiri hapo kwanza, ukapaweka mwanzoni. Kama sentensi haina mahali, rudi sentensi moja au mbili nyuma, huenda palishatajwa. Kama hapakutajwa kabisa, basi hiyo si sentensi ya mahali, ni ya kuwepo kwa jumla, na hapo kuna inatosha bila maswali: kuna matumaini, kuna tofauti, hakuna haraka.

## Nyumba moja, macho matatu

Hapa ndipo kanuni ya darasani inapoanza kuyumba. Inasema kana kwamba kila mahali pana kiambishi chake cha kudumu: meza ni pa-, nchi ni ku-, chungu ni m-. Si hivyo.

Chukua nyumba. "Nyumbani kuna wageni" anasema mtu aliyepo sokoni Mwanga, anayeeleza kwa nini anawahi kurudi. Nyumba iko mbali naye, ni upande fulani wa maisha yake. "Nyumbani pana wageni" inafaa kwa anayeiona nyumba kama kituo kimoja miongoni mwa vingine: pale pana wageni, pale pengine hapana. "Nyumbani mna wageni" ni ya aliyesimama mlangoni na kusikia sauti zinatoka ndani.

Nomino ni ile ile. -ni ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali alipo msemaji na anachokitazama.

Ndiyo maana nasema swali la mfasiri si "nyumba iko ngeli gani ya mahali?" Swali ni "msimulizi amesimama wapi?" Jibu lake mara nyingi limo kwenye maandishi, ila limejificha katika vitenzi vya jirani. Kama sentensi iliyotangulia inasema aliingia, umeshapata m-. Kama inasema alielekea au alisafiri, una ku-. Kama inasema alisimama, alifika, alionyesha, una pa-.

## Paukwa, pakawa

Wanaodhani pa- ni ya vitabuni wasikilize watoto wakianza hadithi. Mtambaji: "Paukwa!" Wasikilizaji: "Pakawa!"

Hakuna ku- hapo, wala m-. Na hadithi zenyewe zikianza, huanza na "Hapo zamani za kale palikuwa na..." Sikiliza hilo neno "hapo". Ni la wakati, lakini limevaa nguo ya mahali, nalo limevuta pa- nyuma yake.

Sababu naiona hivi: mtambaji anataka kupigilia kigingi. Hatujui mji wala nchi, lakini kuanzia sasa tupo mahali pamoja, na yatakayotokea yatatokea hapo. Ku- ingeliacha tukio linaelea.

Hii ina faida ya moja kwa moja kwa anayefasiri masimulizi. Sentensi ya kwanza ya hadithi, ile inayomleta mhusika, ipe palikuwa na au paliondokea, hata kama mahali hapajatajwa. "Kulikuwa na mwanamke mmoja" si kosa, watu wengi huandika hivyo siku hizi. Lakini inasikika kama taarifa ya mtaani inayomhusu mwanamke fulani, haisikiki kama mlango wa hadithi.

## Kwa nini mna inarudi nyuma

Ukisikiliza mazungumzo ya kawaida, kuna imetanda kila mahali. Watu husema "ndani kuna giza", "kwenye chungu kuna wali". Walimu wengine wanaulaumu uvivu. Mimi silaumu. Naona kuna sababu ndani ya lugha yenyewe, na mfasiri akiijua ataamua vizuri zaidi lini aitumie m- na lini aiache.

M- ya ndani imefanana na m- ya ninyi.

"Mna nafasi?" aliuliza yule mama. Je, aliwauliza wenye boti kama wanayo nafasi, au aliuliza kama ndani ya boti inapatikana nafasi? Tunajua kijana alielewa nini kwa sababu alijibu "humu hamna". Angeelewa ile nyingine angesema "hatuna". Lakini swali lenyewe, likiandikwa peke yake kwenye karatasi, halikuambii.

Na shida hiyo haiishi ukibadilisha wakati. Mlikuwa na maji: ninyi, au mle? Mtakuwa na maji: vilevile. Hamkuwa na maji: vilevile. Katika kila wakati, yakinishi na kanushi, m- inavaa sura ya ninyi.

Linganisha na pa-. Nayo ina mgongano, tena miwili, lakini yote inatokea wakati uliopo tu. Pana ni pia sifa ya upana, ndiyo maana "njia pana" ikisimama peke yake si lazima ikuambie kwamba mahali fulani pana njia. Na hapana imekuwa neno letu la kukataa. Ukiandika "Hapana maji" kwenye kibao, msomaji wa leo anasikia kwanza mtu anakataa, kisha anataja maji. Methali bado inatunza maana ya zamani: penye miti hapana wajenzi. Hapo hakuna anayekosea, kwa kuwa penye imeshatayarisha sikio. Lakini peleka sentensi wakati uliopita, hapakuwa na maji, na mgongano wote umetoweka. Vivyo hivyo hapatakuwa na.

Kuna ndiyo iliyo salama kuliko zote. Mgongano wake ni mdogo: "Kuna nazi" yaweza kuwa taarifa kwamba nazi zipo, au amri kwa aliyeshika mbuzi ya kukunia. Jikoni kwenu mtaelewana.

Kwa hiyo katika maandishi naitumia m- kwa sharti moja: iwe na neno la kuishikilia, na neno hilo litangulie. Ndani mna. Humu mna. Mle mlikuwa na. Chunguni mna. Sitaki kuanza sentensi na "Mlikuwa na giza" nikitegemea msomaji akisie kwamba ni pangoni. Kwa nusu sekunde atadhani nawasema watu. "Pangoni mlikuwa na giza" haina shida hata kidogo.

Na kwenye kanushi fupi ninaongeza uangalifu. Hamna siku hizi hutumika kama jibu la kukataa tu, bila habari yoyote ya ndani: "Hamna, sijamwona." Anayefasiri mazungumzo ya vijana ataifurahia. Anayefasiri maelekezo ya dawa au ya mashine na aandike "ndani hamna kitu", asiseme "hamna kitu" pekee.

Kwa upande wa virejeshi hali inageuka. Mahali penye maji, mahali palipo na maji: safi. Ukitaka ku- utapata kuliko na, na kuliko ni neno la kulinganisha, kwa hiyo msomaji hujikwaa kidogo hadi aone "kule" imetangulia: kule kuliko na maji. Ukitaka m- ya ufupi utapata mwenye, na mwenye ni mtu. Hapo ndipo "kwenye" ilipopata nafasi ya kuenea hadi ikawa karibu kihusishi. Kwa ufupi: kitenzi kikuu, kuna ina nguvu; kishazi rejeshi, pa- ndiyo yenye nguvu.

## Kilicho sehemu ya mahali, na kilichowekwa

Zipo sentensi za Kiingereza za namna hii ambazo hazitaki kiambishi cha mahali kabisa. Hili ndilo lililobadilisha zaidi mtazamo wangu.

Fikiria sentensi mbili. Moja inasema chumba kile kina madirisha mawili. Nyingine inasema katika chumba kile vimo viti viwili. Kiingereza huweza kuzianza zote mbili kwa namna moja. Kiswahili kinaona tofauti: dirisha ni kiungo cha chumba, kiti kimeletwa tu. Kwa hiyo: "Chumba kina madirisha mawili", lakini "Chumbani mna viti viwili."

"Chumbani mna madirisha mawili" inaeleweka, ila inaleta picha ya madirisha yaliyoegemezwa ukutani yakisubiri fundi.

Jaribio ni rahisi. Uliza: nikihamisha mahali hapa, kitu hicho kitahama napo? Mtumbwi ukihama, tundu lake linahama nao: mtumbwi una tundu. Nyavu unaweza kuzishusha: mtumbwini mna nyavu. Mji nao hukubali njia zote mbili. "Kigoma ina bandari" inauelezea mji. "Kigoma kuna bandari" inamwelekeza mtu anayetafuta bandari.

## Kikishajulikana, kinaongoza chenyewe

Pana, kuna na mna huleta kitu kipya. Kikishaletwa hakihitaji tena kuletwa. Kinachukua kiima chake, na mahali panahamia mwisho wa kitenzi: -po, -ko, -mo.

"Ndani ya boti mna nyavu mbili. Nyavu zimo tangu jana."

Anayerudia "mna nyavu" mara ya pili anamfanya msomaji adhani ni nyavu nyingine. Na anayeanza na "nyavu zimo" kabla hazijatajwa anamfanya msomaji arudi nyuma kutafuta ni zipi.

Lakini angalia: -po ina kazi nyingine pia. Ikitangulia nomino, inaleta kitu kipya kwa mkazo, hasa kwenye hoja: zipo sababu tatu, wapo wanaosema, ipo siku. Kiingereza chake nacho huwa kile kile. Kwa insha, hotuba na makala, zipo ina uzito ambao kuna haina, kwa sababu inadai kwamba jambo hilo lipo hata kama kuna anayelikana. Kwa kibao cha onyo au orodha ya vifaa, uzito huo hauhitajiki.

## Aya moja, neno kwa neno

Tuchukue aya fupi ya kubuni inayoelezea mwalo. Kiingereza chake kina sentensi saba, zote zikianza vilevile. Nitataja kila moja inasema nini, kisha tafsiri.

Ya kwanza inataja mwalo uliopo kaskazini mwa mji. Ni eneo, na msomaji bado yuko mbali. Ku-.

*Kaskazini mwa mji wa Kigoma kuna mwalo.*

Ya pili inasema mitumbwi kama 20 iko juu ya mchanga. Tumeshafika, tunaweza kuonyesha kwa kidole. "Mchangani pana mitumbwi 20 hivi" ni sahihi. Lakini Kiswahili kinaruhusu mahali pachukue kitenzi chenye picha zaidi, na aya yenye kuna saba mfululizo itamchosha msomaji, kwa hiyo:

*Mchangani pamelazwa mitumbwi 20 hivi.*

Ya tatu inasema katika kila mtumbwi zipo nyavu na taa. Vyombo vimewekwa, si viungo, na viko ndani. Neno la kushikilia limetangulia.

*Ndani ya kila mtumbwi mna nyavu na taa.*

Ya nne inasema mtumbwi mmoja una matundu mawili kwenye ubao wa chini. Tundu huhama na mtumbwi.

*Mmoja una matundu mawili kwenye ubao wa chini.*

Ya tano inasema yuko mzee anashona wavu. Hapa wengi huandika "Kuna mzee anashona wavu", na mdomoni haina tatizo. Kwenye maandishi vitenzi viwili vilivyobanana hivyo vinasikika kama habari ya haraka. Mzee ni mgeni kwetu, mahali panajulikana. Aya haisemi kama ameketi au amesimama, kwa hiyo siwezi kumpa "pameketi" bila ruhusa. Nabaki na pana na kirejeshi:

*Karibu nao pana mzee anayeshona wavu.*

Kirejeshi kinafuata mzee, hakifuati mahali. Huandiki "pana mzee panaposhona". Likisemwa hivi linaonekana dhahiri, lakini sentensi ikirefuka na nomino ikiwa mbali, upatanisho huteleza kuelekea mahali.

Ya sita ina nyakati mbili: jana usiku ilikuwepo dhoruba, na leo haitakuwepo safari ya kuvua. "Kulikuwa na dhoruba" ni sahihi, na hapa "na" haiachwi. "Kulikuwa dhoruba" ni sentensi iliyokatwa mguu. Kwa matukio, hata hivyo, Kiswahili hupenda kitenzi cha tukio lenyewe: kumetokea ajali, kumezuka moto, kumefika wageni. Dhoruba ni upepo, na upepo huvuma. Upande wa pili, "hakuna" ikifuatwa na kitenzi-jina inabeba katazo na hali kwa pamoja.

*Jana usiku kulivuma dhoruba, na leo hakuna kwenda kuvua.*

Je, ku- ya kulivuma ni sawa na ile ya sentensi ya kwanza? Ndiyo. Ziwa lote limechafuka, hakuna pa kuonyesha kidole. "Palivuma dhoruba" ingeifunga dhoruba kwenye kijisehemu kimoja cha ufukwe.

## Turubai

Nimeiacha ya saba kwa makusudi. Inasema chini ya turubai wapo dagaa.

Nomino ya mahali ni "chini ya turubai". Umeshaileta mbele, kama nilivyoshauri. Mkono bado unasita.

Kama turubai limefungwa juu ya miti minne kuwapa wachuuzi kivuli, basi chini yake ni mahali pa wazi. Unaweza kutembea hapo, unaweza kuwaona dagaa ukiwa mbali. *Chini ya turubai pana dagaa.*

Kama turubai limetandazwa juu ya lundo la dagaa kuwakinga na mvua, chini yake pamezibwa pande zote. Ukitaka kuwaona lazima ufunue. Hapo pamegeuka kuwa ndani, hata kama neno ndani halimo. *Chini ya turubai mna dagaa.*

Zote ni Kiswahili sanifu, na zinachora mwalo tofauti. Ya kwanza inamwambia mnunuzi asogee. Ya pili inamwambia kuna kitu kimefichwa.

Kiingereza hakikuchagua, na hakikulazimika kuchagua. Natafuta kwanza kwenye aya: kuna mvua? Kuna wachuuzi? Dhoruba ilivuma usiku, na hiyo inaelekeza kidogo kwenye turubai la kufunika, lakini haithibitishi. Hatua inayofuata ni kumwuliza aliyeandika, kwa swali moja lisilo na sarufi ndani yake: turubai limefunika samaki au limefunika watu? Mwandishi anayejibu swali hilo hajui kwamba amechagua kiambishi, na hahitaji kujua.

Akiwa hapatikani, naandika "Chini ya turubai kuna dagaa", kwa kuwa ku- haidai kujua turubai limekaaje.